Data Yako Ikivuja, Bodi Ilikuwa Wapi? Jibu Liko Kwenye Kumbukumbu za Mkutano

Mwaka jana mama yangu alipigiwa simu na mtu aliyemtaja kwa majina yake yote matatu. Kisha akamwambia kiasi kamili cha pesa alizopokea juzi yake, hadi shilingi ya mwisho. Mama alikata simu kabla hajaombwa nambari ya siri, lakini swali alilonipigia kuniuliza jioni hiyo halijaniondoka: "Sasa hawa wamejuaje?"

Mara nyingi tukizungumzia ulaghai wa simu tunamwambia mteja asitoe nambari ya siri. Hiyo ni kweli na itabaki kuwa kweli. Lakini jina, nambari ya kitambulisho na rekodi ya miamala havikutolewa na mama. Vilikuwa vimehifadhiwa mahali fulani na kampuni fulani, na kila kampuni ina watu wachache walio juu kabisa ambao sheria inawadai maelezo. Watu hao ni bodi ya wakurugenzi.

Leo wacha tuangalie jambo ambalo wateja wengi hatujawahi kulifikiria: bodi inatakiwa kufanya nini kuhusu data yako, na inathibitishaje kwamba ilifanya. Uthibitisho wenyewe uko kwenye kumbukumbu za mkutano, zile ambazo kwenye chama chenu huandikwa na katibu. Usidhani ni makaratasi tu. Utaona hapa chini jinsi sentensi mbili kwenye kumbukumbu zinavyoweza kuonyesha kama kuna mtu alikuwa macho au la.

Bodi inadaiwa nini hasa?

Bodi haikai kwenye kompyuta kuzuia wadukuzi. Kazi hiyo ni ya wafanyakazi. Bodi kazi yake ni kusimamia: kuuliza, kuamua, kutoa bajeti na kufuatilia kama kilichoahidiwa kimefanyika.

Sheria ya Kampuni ya 2015, kifungu cha 145, inamtaka kila mkurugenzi atumie uangalifu, ujuzi na bidii ya kiwango cha kuridhisha. Kipimo chake kina pande mbili. Kwanza, mkurugenzi anapimwa kwa ujuzi ambao mtu yeyote mwenye cheo kile angetarajiwa kuwa nao. Pili, anapimwa kwa ujuzi alio nao yeye mwenyewe. Kwa hivyo mkurugenzi wa kampuni ya malipo hawezi kujitetea kwa kusema "mimi si mtu wa kompyuta." Na kama kweli yeye ni mtu wa kompyuta, anadaiwa zaidi.

Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayosimamiwa na Ofisi ya Kamishna wa Data. Kwa kampuni za malipo kuna pia mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya wa 2019 kuhusu usalama wa mtandao, unaoweka jukumu la usalama huo mikononi mwa bodi yenyewe.

Hebu tuone haya yote yakifanya kazi kwenye tukio moja.

Ijumaa, saa 3 usiku

Kampuni hii ni ya kubuni, lakini mambo yanayotokea ni ya kawaida sana. Kampuni ya malipo imempa mkandarasi kazi ya kutuma jumbe za uthibitisho kwa wateja. Mkandarasi anahifadhi nakala za jumbe hizo kwenye seva. Siku moja fundi wake anabadilisha mpangilio na kusahau kufunga faili moja, kwa hivyo mtu yeyote mwenye anwani yake anaweza kuifungua. Ndani yake mna wateja 40,000: majina, nambari za simu, nambari za vitambulisho na kiasi cha miamala. Nambari za siri hazimo.

Mkandarasi anagundua Jumatano saa 9 alasiri. Anafunga faili, anahangaika kutafuta chanzo, na anaipigia kampuni Ijumaa saa 3 usiku.

Hapo tayari kuna kosa. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinamtaka anayechakata data kwa niaba ya mwingine amjulishe mwenye jukumu bila kukawia na, pale inapowezekana, ndani ya saa 48 tangu ajue. Mkandarasi ametumia saa 54. Amechelewa kwa saa 6.

Sasa saa ya kampuni yenyewe inaanza kuhesabu. Kampuni inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue, ikiwa kuna hatari ya kweli kwamba wateja wataumia. Kwa hesabu hiyo mwisho ni Jumatatu saa 3 usiku. Kumbuka kwamba ni saa zinazohesabiwa, si siku za kazi. Jumamosi na Jumapili zimo.

Benki Kuu nayo ina saa yake. Mwongozo wake unataka ijulishwe ndani ya saa 24 kama tukio linaweza kuathiri vibaya huduma, sifa au hali ya kifedha ya kampuni. Mwisho wake ni Jumamosi saa 3 usiku. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 nayo inadai ripoti ndani ya saa 24 kwa kamati ya taifa inayoratibu masuala hayo, mfumo ukishambuliwa au kuingiliwa.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Mfumo kushambuliwa si lazima data ivuje. Julai 2023 tovuti ya eCitizen ilishambuliwa kwa kujazwa maombi mengi hadi huduma zikakwama, na Serikali ikasema hakuna data iliyopotea. Kwa upande mwingine, kwenye mfano wetu huduma hazikukwama hata dakika moja. Wateja walituma pesa kama kawaida huku data yao ikiwa wazi. Kwa hivyo swali la kwanza la bodi ni hili: hili ni shambulio, ni uvujaji, au ni yote mawili? Jibu ndilo linaloamua ni nani wa kujulishwa.

Jumamosi, saa 4 asubuhi: kumbukumbu za aina mbili

Bodi inakutana kwa dharura kwa njia ya video. Katibu wa kampuni anaandika. Hebu tusome kumbukumbu za kwanza:

*"Bodi ilijulishwa kuhusu changamoto ya data. Baada ya majadiliano ya kina, menejimenti iliagizwa kushughulikia suala hilo haraka."*

Zinasomeka vizuri, sivyo? Lakini jaribu kuziuliza maswali. Bodi ilijulishwa na nani, saa ngapi? Ni wateja wangapi? Hayo majadiliano ya kina yalihusu nini? "Haraka" ni lini? Nani atajibu kama haikufanyika? Hakuna jibu hata moja. Kamishna akija kuchunguza miezi 4 baadaye, sentensi hizo hazimsaidii mtu yeyote, wala wakurugenzi wenyewe.

Sasa tusome za pili:

*"Mkutano ulianza saa 4:00 asubuhi. Waliohudhuria: wakurugenzi 6 kati ya 7. Mkuu wa usalama wa mtandao alieleza kuwa kampuni ilipata taarifa Ijumaa saa 3 usiku; rekodi za wateja takriban 40,000 zilikuwa wazi kwa siku zisizopungua 5; idadi ya walioifungua faili bado inachunguzwa. Ripoti yake imeambatishwa kama Kiambatisho A.*

*Mkurugenzi mmoja aliuliza kama nambari za siri zilihusika. Jibu: hapana, kwa sababu hazitumwi kwa mkandarasi. Mkurugenzi mwingine aliuliza kama data ilikuwa imefichwa kwa usimbaji. Jibu: haikuwa.*

*Bodi iliona kuna hatari ya kweli kwa wateja, kwa kuwa majina, vitambulisho na miamala vinaweza kutumiwa kuwalaghai. Bodi iliazimia: (1) Benki Kuu ijulishwe leo kabla ya saa 10 jioni, na mkurugenzi mkuu, (2) Kamishna wa Data ajulishwe kabla ya kesho Jumapili saa 6 mchana, na afisa wa ulinzi wa data, (3) wateja walioathirika waandikiwe kuanzia Jumatatu, (4) mkandarasi asitumiwe data mpya hadi ukaguzi ukamilike. Mkurugenzi mmoja alipinga azimio la 4 kwa hofu kwamba jumbe za uthibitisho zitachelewa. Bodi itakutana tena Jumatatu saa 2 asubuhi."*

Ni kweli za pili ni ndefu zaidi. Tofauti ya maana ni kubwa. Kumbukumbu za pili zina mambo manne ambayo za kwanza hazina: bodi iliambiwa nini, iliuliza nini, iliamua nini na kwa sababu gani, halafu nani atafanya kufikia lini.

Nataka uangalie swali la usimbaji, kwa sababu linaonekana la kifundi na hali linakuhusu wewe. Sheria inasema kampuni inaweza isilazimike kuwajulisha wateja ikiwa data ilikuwa imelindwa ipasavyo, kwa mfano kwa kusimbwa, maana aliyeichukua hawezi kuisoma. Mkurugenzi aliyeuliza swali hilo ndiye aliyefungua njia ya wewe kuandikiwa. Bila swali lile, mtu angeweza kusema baadaye kwamba "tulidhani imesimbwa."

Angalia pia yule aliyepinga. Wengi hufikiri kumbukumbu nzuri ni zile zinazoonyesha wote walikubaliana. Si kweli. Pingamizi lililoandikwa linaonyesha kwamba watu walifikiri. Na hofu yake ilikuwa na msingi, kwa hivyo bodi ililazimika kupima kati ya jumbe kuchelewa na data zaidi kuvuja.

Kilichoandikwa kabla ya tukio ni muhimu zaidi

Mkutano wa dharura ni rahisi kuufanya vizuri, maana kila mtu ameshtuka. Uangalizi wa kweli unaonekana kwenye mikutano ya kawaida, ile ya miezi mitatu mitatu, wakati hakuna kilichoharibika.

Kuna kesi moja ya Marekani inayolieleza hili vizuri kuliko nyingine, na cha ajabu haihusu kompyuta. Inahusu aiskrimu. Mwaka 2015 aiskrimu ya kampuni ya Blue Bell ilipatikana na bakteria, na watu 3 wakafariki. Mwenyehisa aliwashtaki wakurugenzi, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo la Delaware, ambayo iliamua mwaka 2019 kwamba madai yaendelee. Kumbukumbu za bodi zilizotolewa hazikuonyesha mjadala wowote wa mara kwa mara kuhusu usalama wa chakula, wala kamati iliyopewa kazi hiyo. Menejimenti ilikuwa imepokea ripoti za hatari, lakini kumbukumbu hazikuonyesha ripoti hizo zikifika kwa bodi. Kampuni yenye bidhaa moja tu, na bodi haina rekodi ya kuuliza kama bidhaa hiyo ni salama.

Uamuzi huo haufungi mahakama zetu. Lakini mfano unaeleweka. Kwa kampuni ya malipo, pesa na data ya mteja ndiyo aiskrimu yenyewe.

Turudi kwa mkandarasi wetu. Tuseme tumepekua kumbukumbu za mwaka mzima kabla ya tukio. Machi imeandikwa: "Ukaguzi wa wakandarasi wanaoshika data haujakamilika. Utaendelea kufuatiliwa." Juni: "Ukaguzi wa wakandarasi utaendelea kufuatiliwa." Septemba, maneno yale yale. Faili ikafunguka Novemba.

Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote, na ukiwa kwenye sacco au chama chochote utaitambua. Jambo linarudi kwenye ajenda mkutano baada ya mkutano, halina jina la mtu, halina tarehe, na linaandikwa kwa maneno yale yale. Sasa kumbukumbu zimegeuka. Badala ya kuilinda bodi, zinathibitisha kwamba ilijua kuna tatizo kwa miezi 8 na haikufanya lolote.

Bodi iliyo macho ingeandika hivi mwezi Machi: wakandarasi wanaoshika data ni 11, waliokaguliwa ni 4, waliobaki 7 wakaguliwe kufikia Juni 15, mhusika ni mkuu wa usalama, bajeti imeidhinishwa. Halafu kumbukumbu za Juni zifungue kwa kuuliza: je, saba wale wamekaguliwa? Kama hapana, kwa nini? Kama mkandarasi wa jumbe angekuwa miongoni mwa saba wale, huenda faili ile ingegunduliwa ikiwa bado imefungwa.

Pale mambo yanapoharibikia

Kosa la kwanza ni maamuzi kufanyika kwenye kikundi cha WhatsApp. Usiku wa Ijumaa wakurugenzi wanaandikiana, mmoja anasema "tungoje kwanza tuone," wengine wanaweka dole gumba. Huo ni uamuzi wa kukaa kimya huku saa zikihesabika, na hauko kwenye rekodi yoyote rasmi. Dawa yake ni mkutano mfupi ulioitishwa ipasavyo, na yaliyosemwa kabla yake yaripotiwe humo.

Kosa la pili ni kupamba kumbukumbu baada ya tukio. Katibu anaombwa aongeze swali ambalo halikuulizwa. Hili ni hatari kuliko kumbukumbu mbovu, kwa sababu faili za kompyuta huweka tarehe ya kila badiliko, na barua pepe za rasimu ya kwanza huwa bado zipo. Kama kuna kosa la kweli, linasahihishwa waziwazi kwenye mkutano unaofuata, na sahihisho lenyewe linaandikwa.

Kosa la tatu ni kuandika kupita kiasi. Kumbukumbu si mahali pa kuweka majina ya wateja walioathirika, wala anwani ya seva yenye tundu ambalo bado halijazibwa. Ukiyaandika hayo, umetengeneza uvujaji mwingine. Maelezo ya kifundi yanakaa kwenye kiambatisho kinachofunguliwa na wachache, na kumbukumbu zinakitaja tu kwa jina.

Tena kumbukumbu za bodi si rekodi pekee. Kifungu cha 43 kinaitaka kampuni iandike pia rekodi ya uvujaji wenyewe: ukweli wa tukio, athari zake, na hatua zilizochukuliwa kurekebisha. Mchunguzi huweka rekodi hizo mbili bega kwa bega. Kama rekodi ya tukio inasema wateja 40,000 na kumbukumbu zinasema "wateja wachache," hapo maswali ndipo yanapoanzia.

Na tuwe wakweli: kumbukumbu nzuri hazizuii udukuzi. Bodi inaweza kuuliza maswali yote sahihi na bado ikaibiwa. Inaweza pia kuandika kurasa nzuri na isitekeleze hata moja. Ndiyo maana anayechunguza haishii kwenye azimio, anatafuta risiti ya kazi iliyofanyika baada yake.

Wewe mteja, haya yanakusaidia vipi?

Kumbukumbu za bodi ni za siri, kwa hivyo ukienda kuziomba hutapewa. Lakini kuna mambo matatu uliyo nayo mkononi.

La kwanza, ukipata taarifa ya uvujaji, isome ukitafuta majibu ya bodi iliyo macho: ni data gani iliyotoka, ni lini, kampuni imefanya nini, wewe ufanye nini, na afisa wa ulinzi wa data anapatikana vipi. Taarifa inayosema tu "tunathamini usalama wako" inafanana sana na zile kumbukumbu za kwanza.

La pili, taarifa ya kweli haikuombi nambari ya siri wala haikutumi kubonyeza kiungo "kurejesha akaunti." Walaghai husubiri habari za uvujaji zitangazwe ndipo waanze kupiga simu. Ukiwa na shaka, kata simu, kisha piga wewe mwenyewe nambari ya huduma unayoijua.

La tatu, una haki ya kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Data. Sheria inasema malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Kamishna, tofauti na wewe, anaweza kudai nyaraka. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Na hiyo si maneno tu: Septemba 2023 kampuni moja ya mikopo ya kidijitali ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia vibaya majina na nambari za simu za watu. Kando na faini, aliyeumia anaweza kudai fidia.

Unapolalamika, fanya kile katibu mzuri anachofanya. Andika tarehe na saa, uliambiwa nini, uliuliza nini, ulijibiwa nini na nani. Mama alifanya hivyo nyuma ya daftari lake la duka: nambari iliyompigia, saa, na kiasi walichokitaja. Mistari mitatu tu. Ndiyo tuliyoanzia nayo tulipoketi kuandika malalamiko yake.